Ukimya Haumlindi Rafiki

Kuanzia Somanga mpaka Lindi mjini, wanafunzi wa sekondari wanarithishana kanuni moja ambayo haijawahi kubandikwa kwenye ubao wa matangazo: mwenzako hachomwi. Ukimwona ana kikaratasi ndani ya soksi asubuhi ya mtihani, unaangalia pembeni. Ukijua usiku wa kuamkia Hisabati kwamba amechanga hela kununua maswali kwenye kundi la WhatsApp, hujui kitu. Anayevunja kanuni hii huitwa mchomaji, mnafiki, kimbelembele, na jina hilo humfuata hata baada ya kumaliza shule. Wazazi wengi wanaiunga mkono, na wapo walimu ambao mchana huhubiri uadilifu lakini wakiwa ofisini husema mtoto anayewasemea wenzake ana kasoro ya malezi. Napinga kanuni hiyo. Sisemi kila anayepiga chabo apelekwe kwa mwalimu, wala sisemi urafiki ni kitu kidogo. Nasema kwamba, kwa jinsi mitihani ya taifa inavyosimamiwa na kusahihishwa nchini mwetu, anayenyamaza hajamlinda rafiki yake. Amemwacha aende peke yake kwenye hatari ambayo yeye aliiona mapema, kisha amejipongeza kwa uaminifu.

Ni haki kwanza kuipa kanuni hii uzito wake, maana haikuzuka hewani. Watu wa Kilwa wanajua vizuri mtoa habari ni nani na anaweza kuleta nini. Kilwa Kivinje palikuwa makao ya utawala wa Wajerumani, na mwembe uliotumika kunyongea watu bado unatajwa kwa jina la Mwembe Kinyonga. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa hapo mwaka 1895, na miaka kumi baadaye, vita vya Maji Maji vilipoanzia milima ya Umatumbi, kamba ilifanya kazi tena. Katika nchi iliyopita humo, aliyekwenda bomani kumsema mwenzake hakuwa mtu mwadilifu. Alikuwa kibaraka, na neno hilo lilimstahili. Ongeza hapo mafunzo ya jando na unyago, ambapo kijana hupimwa kwa uwezo wake wa kutunza yale aliyoambiwa, na utaelewa kwa nini mtoto wa Kilwa hakui akidhani kwamba kusema kila ulichokiona ni sifa.

Lakini tuangalie kilichofanya usaliti wa bomani uwe usaliti. Mtoa habari yule alimpa mtawala wa kigeni uhai wa mtu aliyekuwa akidai haki yake na ya wote. Alilipwa, na walioumia walikuwa jamii nzima. Mtihani wa Kidato cha Nne si boma la Mjerumani. Ni mali ya watoto wote waliokaa kwenye madawati yale, na pengine ndiyo mali pekee ambayo mtoto wa mvuvi wa Songo Songo na mtoto wa meneja wa Masaki wanagawana kwa kipimo kimoja. Anayeibia mtihani hajamnyang'anya mtawala kitu. Amechukua kwa aliyekaa dawati la mbele yake. Kuhamisha chuki ya kibaraka kutoka 1905 na kuimwaga juu ya binti wa miaka 17 aliyesema kwamba mwenzake ana maswali ni kukosea adui.

Hoja nzito zaidi ni ya dini, na katika wilaya kama Kilwa, ambako watoto wengi wamepita madrasa kabla ya kushika daftari la shule, haiwezi kurukwa. Tumefundishwa sitara: anayemsitiri Muislamu mwenzake, Mwenyezi Mungu humsitiri. Tumekatazwa kupelelezana na kusengenyana. Kwa hiyo, wanasema, aliyemwona rafiki yake akiibia na akaficha ametenda jambo jema. Hoja hii ingesimama kama mafundisho yangeishia hapo, lakini hayaishii hapo. Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihin, kitabu kinachosomwa kwenye darsa nyingi za pwani, amefungua mlango maalumu wa hali ambazo kumtaja mtu kwa kosa lake kunaruhusiwa, na ametaja sita. Miongoni mwake ni kudai haki mbele ya mwenye mamlaka, kutafuta msaada wa kuondoa uovu, na kuwatahadharisha watu na madhara. Sitara ni ya aibu ya mtu ambayo haimdhuru mwingine: aliyelewa usiku mmoja akajuta, aliyeteleza faraghani. Dhuluma inayomgusa mtu wa tatu ina hukumu nyingine, na Mtume alipotia mkono kwenye lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, hakumsitiri muuzaji. Alimkemea palepale na akasema wazi kwamba mghushi hayumo katika watu wake.

Katika mafundisho hayohayo umo mfano ambao watu wa majahazi hawahitaji kufafanuliwa. Abiria walipiga kura, wengine wakapata sitaha ya juu na wengine tumbo la chombo. Wa chini walipohitaji maji ilibidi wapande na kuwapita wa juu, wakaona usumbufu, wakasema: tutoboe tundu upande wetu tusiwakere wenzetu. Mafundisho yanaongeza kwamba wa juu wakiwaacha wafanye wanavyotaka, wote wataangamia, na wakiwashika mikono, wote wataokoka. Kinachonivuta katika mfano huu ni kwamba waliotaka kutoboa hawakuwa na nia mbaya. Walijaribu hata kuwa na adabu. Ndivyo walivyo wengi wanaoibia mitihani: si majambazi, ni watoto waliochoka, waliochelewa kuanza kusoma, wanaoogopa kurudi nyumbani na sifuri. Wema wa nia yao hauzuii maji kuingia, na urafiki wa waliowatazama hauzuii pia.

Maji yenyewe tunayajua kwa tarehe. Mwaka 2008 mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne ulifutwa nchi nzima baada ya kuvuja, ukatungwa na kufanywa mwingine, na aliyekesha akijifunza alirudi chumbani sawasawa na aliyenunua. Septemba 2018 wanafunzi wa darasa la saba walifanya mtihani wao, na muda mfupi baadaye Baraza la Mitihani likafuta matokeo ya wilaya nzima ya Chemba pamoja na ya shule kadhaa za Dar es Salaam, Mwanza na Kondoa. Wote walirudia tarehe 8 Oktoba. Kati ya watoto wale wa Chemba, ni wangapi waliokuwa hawajaona hata swali moja kabla ya wakati? Hakuna aliyewatenganisha, na kwa kweli isingewezekana kuwatenganisha. Uvujaji ukishagundulika baada ya mtihani, chombo chote huhesabiwa kimetoboka.

Mwaka 2011 ndio wenye funzo kubwa zaidi kwa mjadala huu, na inashangaza kwamba hautajwi sana. Mwaka huo watahiniwa 9,736 wa darasa la saba walifutiwa matokeo kwa udanganyifu, na kwenye Kidato cha Nne wakafutiwa 3,303. Sehemu ya hao wa Kidato cha Nne hawakukamatwa na msimamizi yeyote. Walikamatwa mezani, na wasahihishaji, kwa sababu ya mfanano usio wa kawaida wa majibu. Njia hii inastahili kueleweka, kwa kuwa inaivunja kabisa imani kwamba kisichosemwa hakijulikani. Wanafunzi mia moja wakipata jibu sahihi, hakuna wa kuwashuku, maana jibu sahihi ni moja. Makosa ndiyo yanayotofautiana: kila mmoja hukosea kwa njia yake, huchanganya tarehe zake, hukwama kwenye hatua yake ya hesabu. Watahiniwa wawili, au kumi, wa kituo kimoja wakikosea maswali yaleyale kwa maneno yaleyale, katika somo zaidi ya moja, karatasi zenyewe zimekwisha kusema.

Sasa fikiria maana ya hilo kwa marafiki wawili waliokaa jirani. Mfanano wa makosa huonyesha kwamba majibu yametoka chanzo kimoja, lakini hauonyeshi nani alitoa na nani alipokea. Aliyekubali karatasi yake itazamwe "kwa sababu ni mshikaji" na aliyetazama wanafanana mbele ya msahihishaji kama mapacha. Wote wawili wanaweza kufutiwa. Na hata kama aliyenyamaza hakutoa jibu lolote, rafiki yake aliyeibia anakutana na adhabu ile ambayo ukimya ulidhaniwa kumkinga nayo, tena kwa ukubwa wake wote: haondolewi alama za swali moja, anafutiwa mtihani. Miaka minne ya kutembea kutoka kijijini mpaka shuleni inabaki bila cheti. Hapo ndipo nasema kanuni ya ukimya ina kasoro hata kwa kipimo chake yenyewe. Inadai kumtetea rafiki, ilhali inamfikisha rafiki mahali ambapo hakuna wa kumtetea.

Kumbe swali la uaminifu lina saa yake. Kabla bahasha hazijakatwa, rafiki mwenye maswali ya wizi bado ni mwanafunzi mwenye wazo baya. Anaweza kuyafuta kwenye simu, anaweza kuonywa, anaweza hata kuaibishwa kidogo na akafanya mtihani wake kwa uwezo wake. Akishaingia chumbani na kikaratasi, ni mtahiniwa aliyevunja kanuni za mitihani, na kuanzia hapo huruma ya mwalimu, ya mzazi au ya rafiki haina nguvu tena. Watu wengi wanaojadili jambo hili hulitazama kuanzia siku ya mtihani, au baada yake, wakati kweli zimebaki njia mbili tu, kusema au kunyamaza, na zote zinauma. Wamekwisha kupoteza wiki za kabla ya mtihani ambazo ndani yake urafiki ungeweza kufanya kazi ambayo sheria haiwezi.

Tuchukue mfano wa kubuni, tuuweke Kivinje, mwishoni mwa Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne. Wasichana wawili wamesoma dawati moja tangu Kidato cha Kwanza. Mmoja anamwambia mwenzake kwa siri kwamba amejiunga na kundi kwenye simu ya kaka yake, amelipa kwa M-Pesa, na maswali ya Baiolojia yatatumwa siku mbili kabla. Anamkaribisha achangie. Huyu wa pili anajua nini hasa? Anajua kwamba rafiki yake amelipa. Hajui kama maswali yapo. Kwa hakika ipo sababu nzuri ya kudhani hayapo: biashara ya "feki" kwenye mitandao mara nyingi ni utapeli tu, na anayeuza karatasi ya mwaka uliopita iliyobadilishwa tarehe anajua kuwa mteja wake hawezi kwenda polisi kudai fedha. Jambo la kwanza la kumwambia rafiki, basi, si la maadili hata kidogo. Ni kwamba huenda ameibiwa, na kwamba kila saa atakayotumia kukariri majibu ya maswali yasiyokuja ni saa aliyoinyima sura ya urithi na vinasaba, ambayo aghalabu haikosi.

Jambo la pili ni gumu, na ndilo ninaloliita ujasiri, kuliko hata kwenda ofisini. Ni kumwambia rafiki usoni: sichangii, na ukiingia nayo chumbani, sitakaa kimya. Sentensi hiyo haina siri ndani yake. Inampa rafiki taarifa ambayo kibaraka hakuwahi kumpa mtu yeyote, yaani inamjulisha mapema kitakachotokea na kumwachia muda wa kubadilika. Pia inamweka msemaji hatarini, kwa sababu anaweza kupoteza urafiki jioni ileile. Wengi wanaokwepa sentensi hii wanasema wanauenzi urafiki. Mara nyingi wanachokienzi ni starehe yao, na mtu anaweza kuona tofauti kwa kujiuliza ni nani anayelindwa na ukimya ule: rafiki, ambaye bado anaelekea shimoni, au mnyamazaji, ambaye hatachukiwa.

Rafiki akikataa, hatua ya tatu ni kusema kwa mtu mzima, na hapa usahihi una thamani kubwa kuliko ushujaa. Aseme alichokiona na kusikia, si anachokihisi: kuna kundi, linaitwa hivi, linauza mtihani huu, fedha zinatumwa namba hii. Taarifa ya namna hiyo inaelekea kwa muuzaji kabla ya kumfikia mnunuzi, na mwenye kosa kubwa ni muuzaji. Si lazima jina la rafiki liwe neno la kwanza. Akiulizwa moja kwa moja nani amenunua, asidanganye, lakini hakuna kanuni ya haki inayomtaka aanze na jina. Watu wanaomchora mtoa taarifa kama mtu anayefurahia kumtaja mwenzake hawajawahi kufikiria kwamba taarifa inaweza kupangwa kwa huruma.

Hapo linakuja pingamizi ambalo naliheshimu kuliko yote: amwambie nani? Katika kesi nyingi kubwa za udanganyifu Tanzania, waliopanga walikuwa watu wazima. Mtoto wa darasa la saba hana njia ya kufika kwenye bahasha. Walimu, wasimamizi na viongozi wanaotafutia shule au halmashauri sifa ya ufaulu ndio wanaoifikia, na makambi ya kitaaluma ya usiku, ambayo yalianzishwa kwa nia ya kusaidia watoto kusoma, yanaweza kugeuka mahali pa kugawia majibu. Kumwambia mwanafunzi akaripoti kwa mkuu wa shule ambaye huenda ndiye mpishi wa mpango ni kumpeleka kondoo kwa fisi. Nakubali. Lakini pingamizi hili halithibitishi kwamba ukimya ni sahihi. Linathibitisha kwamba mlango mmoja umefungwa. Juu ya shule kuna Ofisa Elimu wa wilaya, kuna Baraza lenyewe, na palipo na fedha kuna TAKUKURU, ambayo namba yake ya bure, 113, imeandikwa kwenye kuta za ofisi nyingi za serikali na ambayo ina klabu za wapinga rushwa ndani ya shule hizohizo. Tangu 2015 nchi ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi, iliyotungwa ili anayefichua uovu kwa mamlaka husika asilipiziwe kisasi. Sheria hiyo haijulikani shuleni, na hilo ni kosa la watu wazima, si sababu ya kumlaumu mtoto anayeogopa.

Na tunajua kwamba mtoto anaweza kusikilizwa. Oktoba 2022, baada ya mtihani wa darasa la saba, video ilisambaa ya msichana mmoja wa Chalinze akilalamika kwamba alibadilishiwa namba yake ya mtihani. Wapo walioanza kumpima yeye badala ya kupima alichosema: mbona anaongea kwa ujasiri vile, nani amemtuma, anawaaibisha walimu wake. Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, aliagiza uchunguzi, na uchunguzi ukaona kwamba malalamiko yalikuwa ya kweli. Shule ilifungiwa kuwa kituo cha mtihani. Mwaka huohuo matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba yalifutwa na vituo 24 vikafungiwa. Mtu atasema yule msichana alikuwa akitetea haki yake mwenyewe, hakumsema rafiki. Ni kweli, na sitaki kuubebesha mfano huu mzigo usio wake. Ila unajibu dai moja mahususi, kwamba mwanafunzi akisema hakuna kinachobadilika.

Kuna pingamizi jingine ambalo halisemwi mikutanoni, lakini linasikika barazani Kilwa, Lindi na Mtwara. Kusini tuliachwa nyuma. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mvua za masika zilitosha kuikata Kusini na Dar es Salaam kwa majuma. Gesi ya Songo Songo imekwenda kuwasha taa za Dar tangu 2004, na shule zetu nyingi bado zinatafuta mwalimu wa Fizikia. Watoto wetu wanashindana na waliofundishwa kwa maabara na masomo ya ziada. Kama wakibebwa kidogo kwenye mtihani, kuna ubaya gani? Hasira iliyo ndani ya swali hili ni halali. Dawa inayopendekezwa ndiyo sumu. Anayeibia mtihani Kilwa hamnyang'anyi mtoto wa Masaki, ambaye hamuoni wala hamfikii. Katika uchaguzi wa Kidato cha Tano nafasi za kila tahasusi zina ukomo, na anayeingia kwa alama za wizi anakaa mahali pa mtu fulani. Anayepungukiwa kwa alama chache mara nyingi ni yule aliyeko kwenye hali kama yake, mtoto wa Mchinga au Nangurukuru aliyesoma kwa taa ya sola.

Zaidi ya hapo, alama za wizi huficha ushahidi ambao Kusini inauhitaji ili idai haki yake. Shule isiyo na mwalimu wa Hisabati inapaswa kuonekana kwenye matokeo kama shule isiyo na mwalimu wa Hisabati. Ikifaulu kwa majibu ya kugawiwa, wizara itasema mambo ni shwari. Taifa limewahi kuonja jambo hili. Mwaka 2012, kutoka kwenye kundi lililofaulu darasa la saba mwaka ule wa 2011, wizara ilikiri kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliofika Kidato cha Kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Kila mmoja wao alikuwa na alama zinazosema anajua. Mtoto anayeketi mbele ya kitabu cha Kiingereza asichoweza kusoma hata silabi zake, huku cheti kikisema amefaulu, amefanyiwa ukatili, na waliomfanyia waliuita msaada.

Sasa mipaka, kwa sababu bila mipaka hoja yangu ingezalisha darasa la wapelelezi, na dini niliyoitaja imekataza upelelezi kwa sababu nzuri. Mwanafunzi hana wajibu wa kutafuta makosa ya wenzake, kupekua mabegi au kuchungulia simu. Kinachomfunga ni kile kilichomjia bila kukitafuta na ambacho anakijua kwa hakika. Kunakili kazi ya nyumbani ni jambo la marafiki kulimaliza wenyewe, na mwalimu anayemtaka kiranja amletee orodha ya walionakili anafundisha umbea. Jaribio la shule liko katikati, na wengi hulidharau bila kujua kwamba alama za maendeleo ya shuleni hupelekwa Baraza na huingia kwenye matokeo ya Kidato cha Nne kwa asilimia 30. Hata hivyo ningesema jaribio liishie kwenye onyo la rafiki, labda na mwalimu wa somo, maana kosa bado linarekebishika. Mtihani wa taifa ndio unaobadilisha hesabu, kwa sababu mbili: madhara yake kwa wengine hayarudishwi, na adhabu yake kwa rafiki ni kubwa mno kiasi kwamba kumwacha aiendee ni kumtupa.

Shule nazo zina deni hapa. Mwanafunzi akisema, kisha mwalimu akamwita aliyesemwa mbele ya mstari na kumchapa, darasa zima litakumbuka fimbo na aliyeileta, na hakuna atakayekumbuka maswali yaliyouzwa. Mwalimu anayetaka kuambiwa ukweli lazima kwanza aonyeshe kwamba ukweli ukimfikia hautageuzwa mchezo wa kuonea. Anayeambiwa kabla ya mtihani anaweza kumwita mwanafunzi pembeni, kufuta kilichomo kwenye simu mbele ya mzazi, kumpeleka muuzaji kunakostahili, na kumwacha kijana afanye mtihani. Hiyo ni taarifa iliyookoa mtu, na wanafunzi wakiiona imetokea mara moja, kanuni ya ukimya itaanza kuonekana ilivyo.

Limebaki swali la urafiki wenyewe baada ya hayo. Wanaotetea ukimya husema kwamba hata kama mchomaji alikuwa sahihi, amepoteza rafiki milele, na hasara hiyo haina fidia. Huenda. Wapo watakaotengana, na itakuwa uongo kuahidi vinginevyo. Ila tuangalie ni kitu gani huua urafiki katika visa hivi. Mara nyingi ni kugundua baadaye kwamba rafiki alikwenda kwa siri, kwamba alicheka nawe asubuhi huku jana yake alikuwa ofisini. Msichana wa Kivinje aliyemwambia mwenzake usoni, wiki mbili kabla, kwamba hatakaa kimya, hana siri ya kugunduliwa. Rafiki yake akija siku ya siku na kumuuliza, "Ni wewe uliyesema?", ataweza kujibu kwamba ndiyo, na kwamba alimwambia tangu mwanzo, na kama bado kuna muda, anaweza kumuuliza kama wamekwisha kurudia sura ya urithi na vinasaba.